Mpango wa manunuzi umerudishwa mara ya pili: "haujaunganishwa na bajeti". Nimekosea wapi?

#1 MhasibuMafinga

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kabla ya Jumatatu.

Mimi ni mhasibu wa shirika dogo hapa Mafinga. Tuna mradi wa parachichi kwa wakulima wa Kilolo, Mufindi na Njombe, na mwaka wa mradi unaanza Julai. Hatuna afisa manunuzi, kwa hiyo mpango wa manunuzi nimeuandaa mwenyewe. Mfadhili ameurudisha mara ya pili. Safari hii ameandika kwamba mpango haujaunganishwa na bajeti, na kwamba kikomo na idadi ya kotesheni haviendani na thamani ya ununuzi.

Mara ya kwanza nilielewa kosa, kwa sababu sikuwa nimeweka msimbo wowote wa bajeti. Mara hii nimepitia bajeti nzima, kila mstari wenye kitu cha kununua nimeuhamishia kwenye mpango na msimbo wake pembeni. Sera yetu inasema: hadi shilingi 1,000,000 unanunua moja kwa moja kwa risiti, kuzidi hapo hadi 10,000,000 kotesheni tatu za maandishi, kuzidi hapo hadi 60,000,000 unaalika wazabuni wasiopungua watano, bei zinakuja kwenye bahasha zilizofungwa na kamati inafungua, kuzidi hapo ni zabuni ya wazi ya gazetini. Nimefuata hivyo hivyo. Hiki hapa kipande chake:

| Msimbo | Kitu | Kiasi (TSh) | Kotesheni |
|---|---|---|---|
| 2.1 | Miche ya parachichi, Kilolo (2,000) | 9,000,000 | 3 |
| 2.2 | Miche ya parachichi, Mufindi (2,000) | 9,000,000 | 3 |
| 2.3 | Miche ya parachichi, Njombe (1,600) | 7,200,000 | 3 |
| 3.1 | Steshenari za mafunzo, Kilolo | 900,000 | 1 |
| 3.2 | Steshenari za mafunzo, Mufindi | 850,000 | 1 |
| 3.3 | Steshenari za mafunzo, Njombe | 700,000 | 1 |
| 4.2 | Kuchapa vitabu vya mafunzo | 9,200,000 | 3 |
| 5.4 | Steshenari za ofisi | 1,800,000 | 3 |

Nimeangalia mpaka macho yanauma. Kila kiasi kipo ndani ya kikomo chake. Anataka nini zaidi?

#2 Mnyalu_Kihesa

Pole sana dada. Tatizo lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Siku hizi manunuzi yote yanapita mfumo wa serikali wa NeST, na vikomo ni vya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 pamoja na kanuni zake za 2024. Hivyo vikomo vya sera yenu haviwezi kukubalika mbele ya PPRA. Jisajilini NeST kwanza, mpango uandaliwe humo humo. Usipokuwa kwenye mpango wa mwaka huwezi hata kutangaza.

#3 UgaviIpogolo

Mnyalu, umesema kweli kuhusu halmashauri na taasisi za umma. Nimefanya kazi halmashauri miaka kadhaa kabla ya kuhamia mashirika, na ni kweli kwamba kule ununuzi usiokuwamo kwenye mpango wa mwaka hausogei. Lakini dada huyu yuko kwenye shirika binafsi lenye fedha za mfadhili. Kinachombana ni sera yake ya manunuzi na mkataba wake na mfadhili. Ingekuwa fedha anazotumia ni za umma, hapo tungeongea mengine. Tusimtoe kwenye njia.

Dada Mhasibu, nimesoma jedwali lako na nimeliona tatizo kwenye mistari mitatu ya juu. Chukua kalamu, jumlisha miche: 9,000,000 na 9,000,000 na 7,200,000. Unapata 25,200,000. Mche ni uleule, bei ileile ya 4,500, msimu uleule wa mvua, na vitalu vinavyoweza kuuza ni vilevile. Kwa sera yako hiyo ni bahasha zilizofungwa na kamati, wala si kotesheni tatu. Wewe umeukata mara tatu na kila kipande kimeangukia chini ya milioni kumi.

Najua hukukusudia. Bajeti ndiyo iliyokukatia, maana aliyeiandika aliipanga kwa wilaya. Lakini anayekagua haoni moyo wako, anaona vipande vitatu vilivyokaa chini ya kikomo, viwili kati yake kwa tofauti ya milioni moja tu.

Steshenari ni hivyo hivyo. Mistari mitatu ya mafunzo umeiweka kwenye risiti moja moja, bila kushindanisha bei. Ukiongeza za ofisi jumla ni 4,250,000. Hiyo ni kotesheni tatu kwa zote, ikiwemo zile za 700,000 za Njombe.

Kiini chake ni hiki: bajeti imepangwa kwa shughuli, na mpango wa manunuzi unapangwa kwa kitu na soko lake. Kikomo kinapimwa kwenye jumla ya mahitaji ya kitu hicho kwa mwaka, yale unayoyajua leo. Ukinakili mstari wa bajeti ukauita ununuzi, umebandika msimbo lakini hujaunganisha chochote.

#4 MhasibuMafinga

Asante sana kaka, nimeanza kuona. Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi. Nikiweka miche yote kama ununuzi mmoja wa 25,200,000, pale kwenye safu ya msimbo niandike nini? Ni mistari mitatu tofauti ya bajeti, na ripoti ya fedha kwa mfadhili inaenda kwa wilaya. Nikiandika "2.1, 2.2, 2.3" kwenye seli moja, Excel haitajumlisha chochote.

Na jambo lingine. Mstari 3.1 kwenye bajeti ni "Mafunzo ya wakulima Kilolo" 6,500,000. Ndani yake kuna posho za wawezeshaji 2,000,000, chakula 3,600,000 na hizo steshenari 900,000. Posho si manunuzi. Kwa hiyo mpango wangu na bajeti haviwezi kulingana hata siku moja.

#5 UgaviIpogolo

Ndiyo maana huwa natumia jedwali la tatu katikati. Watu wengi wana karatasi mbili, ya bajeti na ya mpango, halafu wanahangaika kuzifunga pamoja kwa safu moja ya msimbo. Haiwezekani, kwa sababu ununuzi mmoja unalipwa na mistari mingi, na mstari mmoja unalipia manunuzi mengi.

Fungua karatasi nne kwenye faili moja. BAJETI iwe na msimbo, maelezo na kiasi kilichoidhinishwa, usiiguse kabisa. MANUNUZI iwe na namba ya kifurushi kwenye A na jina lake kwenye B. Mfano M01 ni miche, M02 steshenari, M03 uchapaji, M04 chakula. MGAWO ndiyo ya katikati, nayo ina safu tatu tu: msimbo wa bajeti, namba ya kifurushi, kiasi. Miche itachukua mistari mitatu ya MGAWO: 2.1 na M01 na 9,000,000; 2.2 na M01 na 9,000,000, 2.3 na M01 na 7,200,000. Karatasi ya nne ni VIKOMO: safu A thamani inapoanzia, B njia ya ununuzi, C idadi ya kotesheni. Kwa sera yako safu A itakuwa 0, kisha 1000001, kisha 10000001, kisha 60000001. Lazima zipande kutoka ndogo kwenda kubwa, la sivyo fomula itakudanganya bila kukuonyesha kosa.

```
MANUNUZI C2:  =SUMIFS(MGAWO!C:C,MGAWO!B:B,A2)
MANUNUZI D2:  =VLOOKUP(C2,VIKOMO!A:C,2,TRUE)
MANUNUZI E2:  =VLOOKUP(C2,VIKOMO!A:C,3,TRUE)
BAJETI D2:    =SUMIFS(MGAWO!C:C,MGAWO!A:A,A2)
BAJETI E2:    =C2-D2
```

Kiasi cha kifurushi hukiandiki kwa mkono, kinatoka MGAWO. Njia ya ununuzi huichagui, inatoka VIKOMO. Ukijaribu kuweka kotesheni tatu kwenye miche, huwezi, faili lenyewe linakuletea bahasha na watano.

Swali lako la posho linajibiwa na safu E ya BAJETI. Kwa Kilolo mstari ni 6,500,000, ukitoa chakula na steshenari jumla 4,500,000, inabaki 2,000,000. Ndiyo posho yako. Pembeni yake andika "posho za wawezeshaji, si manunuzi". Ikibaki namba usiyoweza kuieleza, umesahau kitu. Ikiwa hasi, umepanga kununua kuliko ulichonacho. Mfadhili akiona safu hiyo imejazwa mpaka mwisho hana la kuuliza.

#6 MwalimuMkuu_Rungwe

Nami naomba kuuliza hapa hapa. Shule yangu ni ya serikali, hesabu zetu zinapita mfumo wa FFARS. Nina fedha za ukarabati wa madarasa mawili na tunakwenda kwa fosi akaunti, yaani vifaa tunanunua wenyewe na fundi tunamlipa ufundi tu. Saruji tunanunua kidogo kidogo kila fundi anapohitaji, kwa kuwa stoo yetu inavuja na mfuko ukipata unyevu unaganda. Je, nikinunua mifuko 20 kila wiki mbili, kila mara ni ununuzi mpya? Au mnasema nitafute njia ya kupandisha kikomo ili ninunue yote kwa mara moja?

#7 UgaviIpogolo

Mwalimu, hakuna anayepandisha kikomo hapa, na vikomo vyako si vya dada Mhasibu. Wewe uko kwenye sheria ya umma, kaa na afisa ugavi wa halmashauri yako akuonyeshe njia yake ndani ya NeST. Lakini jibu la msingi ni lilelile. Mahitaji ya saruji unayajua tangu siku ya makisio ya fundi. Unashindanisha bei kwa mifuko yote, unapata muuzaji mmoja na bei moja, halafu mnakubaliana alete kwa awamu. Kupokea kidogo kidogo hakuna ubaya. Kutafuta muuzaji upya kila wiki mbili kwa sababu kila awamu ni ndogo, huko ndiko kukatakata manunuzi, na sheria ya umma inakukataza.

#8 DukaniMwanjelwa

Samahani wakuu, mimi si mhasibu, nauza steshenari hapa Mwanjelwa na kazi yangu kubwa ni kuandika kotesheni za mashirika na shule. Naomba niseme upande wetu, maana mnaongea kotesheni tatu kana kwamba zinaota.

Mtu anakuja dukani asubuhi: "Niandikie kotesheni, weka bei juu kidogo, ni ya kukamilisha." Keshachagua pa kununua. Mimi nikikataa anakwenda duka la pili. Wengine wanaomba karatasi tupu yenye mhuri wangu wajaze wenyewe. Mara moja nilionyeshwa faili la ofisi moja lenye kotesheni tatu, mojawapo ina jina la duka langu. Sikuiandika mimi. Zote tatu zilikuwa na neno "rimu" limeandikwa "limu", na laini ya jumla imepigwa mstari mara mbili kwa namna moja. Namba ya simu kwenye ile ya kwangu haikuwa yangu.

Sasa mkituunganishia mahitaji ya mwaka mzima kama kaka hapo juu anavyosema, mimi nafurahi, kwa sababu milioni nne ni kazi ya kushindania kweli. Ningeshusha bei. Kwa laki saba za mara moja sihangaiki, nakupa bei ya rejareja. Ila ombi langu, tuambieni mapema idadi. Mkiandika "steshenari" tu bila kusema rimu ngapi, za gramu ngapi, kila duka linakadiria lake na mwisho mnalinganisha vitu visivyofanana.

#9 MhasibuMafinga

Kaka wa Mwanjelwa, asante kwa kusema ukweli. Nimeona aibu kidogo, maana mwaka jana nilipokea kotesheni tatu kutoka kwa dereva wetu zimebanwa kwa pini moja na sikujiuliza. Nimezitoa leo nikazitazama. Mbili zina namba moja ya TIN.

Sasa kaka Ugavi, nimejenga faili kama ulivyosema na steshenari na miche vimekaa sawa. Lakini kuna kitu cha ajabu. Mstari 2.1, miche ya Kilolo, BAJETI inaniambia nimetenga 11,400,000 wakati ni 9,000,000. Baki inasoma hasi 2,400,000. Na mstari 2.10, usafirishaji wa miche, ambao bajeti yake ni 2,400,000, nao unasema nimetenga 11,400,000. Nimefuta na kuandika upya mara tatu.

#10 FundiTakwimu_Soweto

Hilo nalijua, liliwahi kuninyima usingizi. Kwa Excel 2.1 na 2.10 ni namba moja. Hata ukizigeuza seli ziwe maandishi haikusaidii, SUMIFS ikipata kigezo kinachofanana na namba inakisoma kama namba. Kwa hiyo inakuchanganyia miche na usafiri: 9,000,000 na 2,400,000 ndiyo hiyo 11,400,000 yako.

Weka herufi mbele ya kila msimbo, B-2.1 na B-2.10, kwenye BAJETI na kwenye MGAWO. Itaacha mara moja. Na kwenye ripoti ya mfadhili unaweza kuendelea na msimbo wake wa asili kwenye safu nyingine pembeni.

#11 MhasibuMafinga

Imekaa! Baki ya B-2.1 ni sifuri na B-2.10 ni sifuri. Mungu akubariki mkuu.

#12 Mnyalu_Kihesa

Nimesoma vizuri na nakubali nilikosea kuhusu NeST kwa shirika binafsi. Lakini hapa pa kuunganisha miche sikubaliani moja kwa moja. Vitalu vya Njombe ni vya Njombe. Ukimpa mtu mmoja miche 5,600 apeleke mpaka Kilolo, mche unasafiri kwenye barabara ya vumbi, unafika umenyauka, na kitalu kidogo cha kijijini kilichokuwa kinaweza kutoa 1,600 kimekosa kazi kwa sababu hakiwezi 5,600. Je, hiyo ndiyo haki mnayoitafuta?

#13 UgaviIpogolo

Hoja yako ina uzito Mnyalu, na majibu yake yapo. Kuunganisha kwenye mpango si lazima kuishie kwa muuzaji mmoja. Unatoa mwaliko mmoja wenye mafungu matatu: fungu la Kilolo 2,000, la Mufindi 2,000, la Njombe 1,600. Kila kitalu kinaomba fungu kinaloliweza, moja au yote. Bahasha zinafunguliwa siku moja, mbele ya kamati moja. Mwisho unaweza kuwa na washindi watatu, kila mmoja na wilaya yake. Kinachoamua njia ya ununuzi ni jumla ya 25,200,000. Idadi ya washindi haiamui chochote. Kitalu cha kijijini kinabaki na nafasi yake, na hakuna wa kusema umekwepa bahasha.

Ila hilo lina gharama ya muda, nayo ndiyo inayosahaulika kwenye mipango mingi. Dada, mvua zenu zinaanza Novemba au Desemba. Mche wa kubebeshwa hauandaliwi kwa wiki mbili, kitalu kinahitaji kujua mapema ili kiandae vikonyo vya kutosha. Kwa kotesheni tatu ungemaliza kwa wiki mbili. Kwa bahasha, hesabu wiki ya kuandaa nyaraka, wiki tatu za kuwaachia wazabuni, wiki moja ya kufungua na kutathmini, na wiki nyingine mbili za idhini na mkataba. Hizo ni wiki saba. Kwa hiyo M01 lazima ianze mwanzoni mwa Julai, siku mwaka wa mradi unapofunguka. Ukiiweka Oktoba kwa sababu "kupanda ni Desemba", utajikuta Novemba huna mkataba, na hapo ndipo watu wanapoomba kibali cha dharura. Mkaguzi anasoma dharura hiyo na kukuuliza: mvua ya Desemba hukuijua?

Weka safu mbili za tarehe kwenye MANUNUZI: siku kitu kinapohitajika, na siku mchakato unapoanza kwa kuhesabu nyuma kutokana na njia iliyojitokeza kwenye safu D. Njia ikibadilika, tarehe nayo inasogea.

#14 FundiTakwimu_Soweto

Naomba niongeze la VAT kwenye ule uchapaji wa 9,200,000, kwa sababu nimeona jambo hili likimuumiza mwenzangu. Dada, hiyo 9,200,000 ina VAT ndani au haina?

#15 MhasibuMafinga

Haina. Mchapaji wa Iringa alinipa bei kwa simu wakati wa kuandika bajeti, "bila VAT".

#16 FundiTakwimu_Soweto

Basi kwa 18% inakuwa 10,856,000. Kwanza imevuka milioni kumi, kwa hiyo si kotesheni tatu tena. Pili, mstari wako una 9,200,000 tu, umepungukiwa 1,656,000. Haya ni mambo mawili tofauti na yote ni halali kuyagundua leo badala ya siku ya ankara. Mwenzangu aliyagundua siku ya ankara. Alikuwa na kotesheni tatu safi kabisa, zote za kweli, zote juu ya kikomo cha kotesheni tatu. Mfadhili alikataa gharama yote ya uchapaji, shirika likairejesha kutoka mfukoni mwake.

Angalia kama sera yenu inasema kikomo kinapimwa pamoja na kodi. Kama imenyamaza, pima pamoja na kodi, maana hicho ndicho kiasi kitakachotoka benki.

#17 UgaviIpogolo

Naunga mkono. Na kwa kitu kilichokaa karibu na mstari hivyo, usisubiri bei ikusukume. Mimi kitu kikifika 90% ya kikomo nakipandisha ngazi ya juu tangu kwenye mpango. Hakuna mkaguzi aliyewahi kunilaumu kwa kushindanisha zaidi ya nilivyotakiwa.

Kuhusu upungufu, punguza idadi ya nakala au omba uhamisho wa fedha kati ya mistari kabla ya kutoa mwaliko. Usitoe mwaliko kwa fedha ambayo haipo.

#18 MhasibuMafinga

Sawa. Nimepunguza nakala, kwa bei ya sasa uchapaji pamoja na kodi unakuwa 9,145,000. Ila kwa ushauri wako wa 90% nimeuweka kwenye bahasha.

Maswali mawili ya mwisho, msinichoke. La kwanza, dizeli. Mistari sita ya bajeti ina mafuta, jumla 14,000,000. Kwa hesabu hii ni bahasha zilizofungwa. Lakini kwa mafuta EWURA anatoa bei kikomo kila mwezi. Nishindanishe nini?

La pili, chakula cha mafunzo. 3,600,000 na 3,300,000 na 2,900,000, jumla 9,800,000. Kwenye vijiji vyetu vya Kilolo mara nyingi kuna mama lishe mmoja. Hana TIN wala mashine ya EFD. Kotesheni tatu nazitoa wapi?

#19 UgaviIpogolo

Dizeli: mwaliko unautoa kama kawaida, ila unaeleza kwamba bei inafuata bei kikomo ya mwezi husika. Vituo vinashindana kwenye punguzo la kila lita chini ya bei hiyo, siku za kulipa, kama wana kituo Mafinga na Njombe pia, na kama wanatoa taarifa ya mwezi inayoonyesha gari, lita na tarehe. Hiyo taarifa ndiyo itakayokuwezesha kugawa ankara kwenye mistari sita. Mkataba ni wa mwaka, kila oda inabeba msimbo wake.

Hapo niongeze neno kwa steshenari na mafuta yote. Ankara moja ikilipwa na mistari mingi, watu hugawa kwa asilimia za MGAWO. Usifanye hivyo. MGAWO ni makadirio. Gawa kwa kilichopokelewa: rimu ngapi zilikwenda Njombe, zimesainiwa na nani. Kama muuzaji ameshusha bei na steshenari zimetoka 3,825,000 badala ya 4,250,000, akiba hiyo ya 425,000 inabaki kwenye mstari ambao haukutumia, na si lazima iwe sawa kwa wote.

#20 DukaniMwanjelwa

Hapo kwenye kusainiwa ni muhimu sana. Sisi tunapeleka boksi, mlinzi anapokea, miezi mitatu baadaye tunaulizwa zilikwenda wapi.

#21 Mnyalu_Kihesa

La mama lishe mimi nasema liondolewe kwenye hesabu ya kuunganisha. Soko lake ni kijiji. Chakula cha Kilolo hakiwezi kupikwa Njombe. Kwa hiyo kila mafunzo ni ununuzi wake.

#22 UgaviIpogolo

Kwa soko, uko sawa kabisa. Lakini ukisema kila mafunzo ni ununuzi wake, chakula cha siku moja kitakuwa laki tatu au nne, na 9,800,000 yote itapita bila kotesheni hata moja. Mimi ningepima kwa wilaya: 3,600,000 Kilolo ni kotesheni tatu, ila ushindani uwe kwa watoa huduma wa makao makuu ya tarafa wanaoweza kwenda vijijini. Pale ambapo ni mama lishe mmoja tu, andika dokezo la chanzo kimoja kabla ya mafunzo, lisainiwe na mwenye mamlaka, bei ya sahani ilinganishwe na ya kijiji cha jirani.

#23 FundiTakwimu_Soweto

Mimi nimeona mfadhili mmoja akikubali kwa wilaya, mwingine akataka jumla yote kwa pamoja. Dokezo la chanzo kimoja pia lina wanaolikataa pale mtu hana TIN. Muulize kwa maandishi kabla hujapeleka.

#24 MhasibuMafinga

Nimerudi wakuu. Nimepeleka mpango Jumatatu asubuhi. Mistari 31 ya mwanzo imekuwa vifurushi 12. Vitatu vimepanda hadi ngazi ya bahasha: miche na dizeli kwa sababu ya jumla, uchapaji kwa sababu ya ile 90%. Safu ya baki nimeieleza mpaka mwisho, isipokuwa 150,000 kwenye B-5.2 ambayo nilikuta ni usajili wa gari nilioupanga mara mbili.

Leo amejibu. Vikomo na misimbo amekubali. Miche ameruhusu mafungu matatu, na mwaliko unatoka wiki ya kwanza ya Julai. Chakula amekiacha wazi: ameandika kwamba anakubali kupima kwa wilaya kwa Mufindi na Njombe, lakini kwa vijiji vya Kilolo anataka kuona kwanza orodha ya mama lishe wa kila kijiji na bei zao za sasa. Kwa hiyo kesho naondoka na gari la saa kumi na mbili kwenda Kilolo kuwaandika mmoja mmoja.